KUH: Gredi ya BAC 302 haimo kwenye slipu yangu ya matokeo (BBA/0417/2022)

Kwa Msajili wa Masomo,

Shikamoo. Mimi ni Mwanaisha Juma, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Shahada ya Usimamizi wa Biashara, namba ya usajili BBA/0417/2022, kundi la mchana.

Slipu ya Muhula wa Pili niliyoipakua tarehe 9 Juni 2025 ina kozi saba, lakini sita tu ndizo zenye gredi. Kwenye BAC 302, Uhasibu wa Gharama, kuna kistari, wastani umeachwa wazi, na chini pameandikwa "Matokeo hayajakamilika". Kwenye tovuti ya wanafunzi, alama zangu za majaribio zipo, 22 kati ya 30. Kilichokosekana ni alama za mtihani wenyewe, zile 70.

Mtihani huo niliufanya Jumanne, 15 Aprili 2025, saa tatu asubuhi. Siku hiyo kundi la mchana na la jioni tuliketi ukumbi mmoja, na karatasi ya mahudhurio iliyonifikia ilikuwa ya kundi la jioni. Jina langu halikuwamo, kwa hiyo msimamizi aliniambia niliandike kwa mkono mwishoni, kisha nikatia sahihi. Namba ya kijitabu changu cha majibu ni 08836. Nadhani kijitabu kilifungwa pamoja na vya jioni na alama zikabaki kwenye orodha yao, ndiyo maana naomba utafutaji uanzie huko.

Idara ikishazipata, naomba fomu ya alama zilizokosekana ijazwe, isainiwe na mhadhiri na mkuu wa idara, kisha ofisi yako iziingize na kunitolea slipu mpya yenye muhuri. Tafadhali kozi isifungwe kwa zile 22 pekee. Mfumo ukizichukua kuwa jumla, nitaonekana nimeanguka, na kufuta gredi iliyokwisha kuidhinishwa ni kazi ndefu zaidi kuliko kujaza pengo. Siombi karatasi isahihishwe upya.

Nimeambatisha slipu yenyewe, kadi ya mtihani yenye sahihi ya msimamizi mbele ya BAC 302, na fomu ya usajili wa kozi za muhula. Karo nimemaliza, risiti ya mwisho imo pia, isije ikadhaniwa matokeo yamezuiwa kwa deni. Mkuu wa idara nimemtumia nakala ya barua pepe hii.

Usajili wa mitihani ya marudio unafungwa Ijumaa, 20 Juni. Iwapo alama hazitakuwa zimepatikana kufikia Jumatano, 18 Juni, naomba nijulishwe kwa maandishi nijue la kufanya kabla ya dirisha hilo kufungwa. Tena, Jumatatu, 7 Julai naanza mafunzo ya kazini Shimanzi, na wameomba slipu iliyokamilika.

Naishi Likoni. Nikihitajika kuleta kadi halisi, naweza kuvuka na kufika ofisini siku yoyote ya kazi kabla ya saa nne asubuhi. Simu yangu ni ileile iliyo kwenye fomu ya usajili.

Natanguliza shukrani.

Wako mwaminifu,
Mwanaisha Juma
BBA/0417/2022
Mombasa, 11 Juni 2025