Ujumbe wa kuahirisha mahojiano ya kesho Tororo

Zaituni mwanangu, salaam. Nimempigia babu mara tatu tangu magharibi, simu yake haipatikani. Tafadhali msomee haya usiku huu, asilale bila kujua.

Mzee wangu, asalaam aleikum.

Kesho Jumatano sitaweza kufika kwako. Naomba unisamehe sana. Najua umeshajiandaa, na kumwambia mzee kama wewe jambo hili usiku wa kuamkia siku yenyewe si adabu.

Mtoto wangu wa miaka mitatu amelazwa leo alasiri hapa Kampala. Ni malaria kali. Usiingiwe na hofu, homa imeanza kushuka na jioni hii ameomba uji mwenyewe. Ila dawa yenyewe ni ya sindano za mshipani: ya kwanza amechomwa saa kumi jioni, ya pili ni saa kumi alfajiri, ya tatu kesho saa kumi jioni, kisha ndipo aanze vidonge. Baba yake yuko safarini Gulu, kwa hiyo aliye kitandani pake ni mimi tu.

Mhariri wangu alitaka kumtuma kijana mwingine kesho ashike kinasa sauti badala yangu. Nimekataa, na kama nimekosea utaniambia. Ni mimi uliyenianzia habari ile kwenye simu, ya mwaka 1977, shirika la reli la Afrika Mashariki lilipovunjika na nyinyi mliokuwa zamu mpakani Malaba mkabaki mnaulizana behewa lipi ni la nani. Ukanikatia hapohapo, ukasema mengine ni ya kusimuliwa uso kwa uso. Sasa nikimleta mtu asiyejua hata tulipoishia, atakuuliza ulizaliwa lini.

Ninaomba uchague moja kati ya siku hizi mbili:

Jumamosi hii, tarehe 21 Novemba, saa nne asubuhi. Nitatoka Kampala Ijumaa mchana na kulala kwa shangazi yangu hapo Tororo, kwa hiyo asubuhi sitakuwa na habari za kuchelewa.

Au Jumatatu, tarehe 23 Novemba, saa tisa alasiri. Hii nitatoka Kampala alfajiri siku hiyohiyo. Nimeiweka alasiri makusudi kwa sababu ya jamu ya Mukono na malori; sitaki kukukosea mara ya pili.

Ijumaa sikuitaja kwa ajili ya swala, na Jumapili uliniambia wajukuu wanakujia. Kwangu mimi Jumamosi ni nzuri zaidi, kwani jua la asubuhi linaingia vizuri kwenye baraza lako na ningependa kuipiga picha ile kofia yako ya kazini pamoja na karatasi za mshahara. Lakini wewe ndiye mwenye nyumba. Zote mbili zikikataa, taja siku yako nami nitaifuata.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya yote: mzee mwenzako wa Malaba. Ulisema atapanda boda mapema kuja kukaa nasi. Zaituni, tafadhali mpigie usiku huu huu, au nitumie namba yake nimwombe radhi mwenyewe. Ikiwa alishamlipa mwenye boda, gharama hiyo ni yangu, na nauli ya siku mpya nitaituma kwenye simu yako ukishaniambia ni shilingi ngapi. Asitoe hata senti.

Na yule kuku. Zaituni aliniambia juzi kwamba ameshatengwa. Kama bado anatembea, mwacheni atembee hadi siku hiyo. Kama ameshachinjwa, basi kuleni kwa afya, mimi nikija chai inanitosha.

Mengine hayakubadilika. Tutakaa palepale barazani, kama saa mbili hivi, na ukichoka tunapumzika. Lile ambalo hutaki lisikike redioni utaniambia nami nitalifuta mbele yako. Betri nitakuja nazo za akiba, umeme ukikatika tusikatizwe.

Naomba jibu kesho kabla ya saa sita mchana, ili niwahi kumwambia dereva. Zaituni akiandika tu "Jumamosi" au "Jumatatu" inatosha. Kupiga pia unaweza, simu iko wazi usiku kucha. Mtoto akiwa amelala nitatoka nje kwenye ukumbi nipokee.

Nisamehe tena, mzee wangu, na umwombee mjukuu wako huyu wa Kampala.

Mwanao,
Halima
Jumanne, 17 Novemba, saa mbili usiku