Kumbusho: machapisho manne ya Alhamisi yanapandishwa kwa mkono

Habari za mchana wenzangu,

Alhamisi tunafungua usajili wa mafunzo. Machapisho ya ukurasa wa Facebook na picha za kawaida za Instagram yameshapangwa kwenye mfumo, yatatoka yenyewe saa 3:00 asubuhi. Manne yaliyobaki hayatatoka mpaka mtu ayapandishe kwa simu yake.

Mfumo utakupigia kengele tu. Wiki iliyopita tuliona alama ya kijani tukadhani stori imepanda, kumbe ilimaanisha kengele imefika kwenye simu. Stori ilikaa humo hadi jioni. Sitafuti wa kulaumiwa, hata mimi niliiona alama ile nikapita.

Zamu ya asubuhi, stori ya Instagram ni yenu, saa 3:15. Hii ndiyo inayonipa wasiwasi, kwa sababu stika ya kiungo na stika ya kura haziwezi kuwekwa na mfumo. Ukiandika kiungo kama maneno juu ya picha, hakuna atakayeweza kukibonyeza. Kwa hiyo fungua kengele, picha iingie Instagram, weka stika zote mbili, kisha bonyeza kiungo mwenyewe uone kinafika kwenye fomu. Maneno ya kura yananakiliwa kengele inapofunguliwa; ukinakili kitu kingine katikati, yanapotea. Yapo pia kwenye kalenda, safu ya mwisho.

Baada ya hapo, chaneli ya WhatsApp na stetasi, saa 3:30. Picha ni ileile. Stetasi hudumu saa 24 kama stori, hivyo zamu ya asubuhi ya Ijumaa irudishe zote mbili.

Zamu ya mchana mna makundi matatu ya Facebook, saa 8:00. Tangu Meta ilipofunga mlango huo mwaka 2024, mifumo ya nje haiposti tena kwenye makundi. Msibandike maneno yaleyale kote. Kundi la walimu wana msimamizi mkali, salimieni kwanza.

Video ya TikTok ni saa 11:00 jioni, nitaipandisha mimi, maana muziki unachaguliwa ndani ya programu yenyewe na akaunti yetu ni ya biashara: tunaruhusiwa nyimbo za maktaba ya kibiashara tu.

Ukishaposti, tuma picha ya skrini kwenye grupu letu, ndipo uweke "Imepanda" kwenye kalenda. Bila picha nitahesabu haijapanda na nitakupigia baada ya dakika 15.

Leo kabla hamjatoka, kila mmoja ahakikishe arifa za programu ya ratiba zimewashwa na simu imeingia kwenye akaunti ya ofisi, siyo yako binafsi. Atakayepata dharura Alhamisi aseme mapema kwenye grupu ili mwenzake ashike zamu.

Mratibu wa mitandao