Taarifa ya kufunga laini, vifurushi na akaunti za marehemu shangazi

Dada Mwanaidi shikamoo. Taarifa niliyokuambia nimeshaimaliza, ni moja tu na fupi, kila tunayemwandikia tunambandikia hiyo hiyo halafu chini yake tunaongeza mistari yake. Nimechoka kuhadithia kifo cha shangazi upya kila simu ikipokelewa na mtu mwingine, juzi kuna mmoja nimemweleza dakika kumi nzima mwisho ananiambia sawa kaka, basi mpe simu mwenyewe athibitishe. Nikakata.

Hii ndiyo yenyewe, inatangulia kwa wote:

YAH: KUFUNGA HUDUMA ZA MAREHEMU ZAINABU OMARI SHABANI

Habari za kazi. Mteja wenu Zainabu Omari Shabani, aliyezaliwa 3 Juni 1958, alifariki tarehe 9 Februari 2025. Mimi ni mtoto wa kaka yake na ndiye msimamizi wa mirathi yake. Naomba mfunge huduma zilizotajwa hapa chini na msimamishe bili na makato yote kuanzia siku mnayopokea taarifa hii. Naomba pia jibu la maandishi lenye tarehe ya kufunga, na kama marehemu anadai au anadaiwa mseme ni kiasi gani. Nimeambatanisha kopi ya cheti cha kifo, barua ya usimamizi wa mirathi na kitambulisho changu, kopi ni kwa ajili ya ombi hili tu. Tafadhali msipige namba ya marehemu, nijibuni kwenye imeili hii hii.
Hassani Ali Omari, 24 Februari 2025

Sasa mistari ya kampuni ya simu, na hii ndiyo iliyonikalisha mpaka usiku maana nilishaandika "fungeni laini zote" nikashtuka:

Laini ni mbili, zote zimesajiliwa kwa jina la marehemu. Laini inayoishia 082 iliyokuwa kwenye ruta ya intaneti ifungwe leo, ruta tutairudisha wenyewe, naomba risiti ya kuipokea. Laini inayoishia 417 ISIFUNGWE kabla ya tarehe 30 Aprili 2025. Iondolewe kifurushi cha mwezi kinachojiunga chenyewe, iondolewe meseji za kulipia, iachwe inapokea tu. Pesa iliyomo kwenye akaunti ya simu ya laini hiyo isitolewe na mtu yeyote, hata mwenye namba ya siri, nipeni taarifa ya salio la tarehe 9 Februari 2025 na utaratibu wa kuihamishia kwenye mirathi. Laini hizi zisibadilishiwe kadi wala kuhamishiwa jina la mtu mwingine bila maandishi yangu.

Najua baba mdogo anataka 417 ifungwe haraka kwa sababu watu bado wanapiga na inaumiza, namuelewa kabisa. Ila benki, imeili, kila kitu shangazi alikisajili kwa namba hiyo, na kila tukitaka kubadilisha jambo zile namba sita za kuhakiki zinatumwa huko. Tukiifunga kwanza tumejifungia nje. Na namba iliyofungwa haikai kaburini, baada ya muda kampuni inamuuzia mtu mwingine, huyo mtu ndiye ataanza kupokea meseji za benki za shangazi. Kwa hiyo benki wapelekewe taarifa wiki hii waitoe namba kwao, 417 iwe ya mwisho kuliko zote.

Za vifurushi vya kulipia ziko tatu na ni nyepesi. Apu ya filamu na gazeti la mtandaoni wote wanapata mistari hii:

Makato ya kila mwezi yanayotoka kwenye kadi ya marehemu inayoishia 6630 yasimamishwe. Makato yoyote yaliyofanyika baada ya tarehe 9 Februari 2025 naomba yarudishwe kwenye kadi hiyo hiyo. Msitutumie ofa ya kurudi.

Huo mstari wa ofa usiufute, mimi nautaka. Halafu kuifuta apu kwenye simu yake hakusimamishi makato, naona Juma alishazifuta akadhani kamaliza, gazeti wamekata tena wiki iliyopita.

Ya tatu ni ile nafasi ya kuhifadhi picha, hii tunaituma baadaye kidogo, picha za harusi yako na za bibi ziko mle na hazipo pengine popote. Yao itasomeka hivi:

Naomba nafasi ya kulipia iendelee mpaka tarehe 31 Machi 2025 ili familia ipate nakala ya picha. Sihitaji paswedi ya marehemu. Kama mna utaratibu wa kumkabidhi msimamizi wa mirathi nakala ya yaliyomo, nielekezeni. Baada ya tarehe hiyo fungeni na futeni kila kitu, mnithibitishie kwa maandishi.

Akaunti za mtandaoni zenyewe hazina imeili ya kutumia, wana fomu. Facebook wanataka linki ya ukurasa, tarehe ya kufariki na kopi ya uthibitisho, penye nafasi ya maelezo weka haya:

Mwenye ukurasa huu amefariki tarehe 9 Februari 2025. Naomba ugeuzwe kuwa ukurasa wa kumbukumbu, usifutwe. Ndugu na marafiki bado wanaandika pale.

Hapa nimeamua bila kuitisha kikao mnisamehe. Ukiwa wa kumbukumbu hakuna anayeweza kuingia tena kama yeye, hata sisi, wala kusoma meseji zake, na mimi naona ndivyo inavyotakiwa. Kufuta tunaweza kuomba mwaka ujao, ukishafutwa ndio basi.

Google wao paswedi hawampi mtu yeyote hata uwe na cheti cha kifo, lakini wanapokea ombi la kufunga:

Mimi ni msimamizi wa mirathi ya mwenye akaunti hii, aliyefariki tarehe 9 Februari 2025. Naomba akaunti ifungwe kabisa. Siombi kuingia wala kusoma barua zake.

Hii tuma baada ya benki na kampuni ya simu kujibu, majibu mengine yanaweza kwenda kwenye imeili yake. WhatsApp sijaiandikia kitu, ikikaa bila kutumika siku 120 akaunti kwa kawaida inajifuta yenyewe. Usimtoe kwenye grupu la familia, aondoke hivyo hivyo.

Wasiojibu mpaka tarehe 10 Machi watumie hii, juu ya ile ile ya kwanza:

Tarehe 24 Februari 2025 niliwatumia taarifa ya kifo cha mteja wenu Zainabu Omari Shabani pamoja na viambatanisho vyote, sijapata jibu. Naituma tena. Makato yanayoendelea baada ya tarehe hiyo mirathi haiyatambui na nitayadai. Naomba jibu ndani ya siku 7 na jina la anayeshughulikia, nisianze kueleza upya.
Hassani Ali Omari

Kila unayemtumia piga skrinishoti, andika tarehe kwenye lile daftari la bluu. Cheti kiskani kwa rangi, kikiwa cheusi na cheupe kuna wawili wameshakirudisha wanasema muhuri hauonekani. Na hiyo simu yake usiitoe kwenye chaji dada, namba za benki zikiingia nisomee hapo hapo zinakufa ndani ya dakika chache.