Mada: Mtindo wa marejeleo kwa tasnifu ya vitivo viwili (Sheria na Mipango Miji)

Kwako Dkt. Wekesa,

Hujambo, Daktari? Natumai umeianza wiki vyema.

Naomba uamuzi wako kabla sijakukabidhi sura ya tatu Ijumaa. Mwongozo wa Kitivo cha Sheria unataka OSCOLA, yaani tanbihi chini ya ukurasa. Ule wa Mipango Miji unataka APA toleo la 7, jina na mwaka ndani ya mabano. Nimepekua miongozo yote miwili na hakuna unaotaja tasnifu ya pamoja kama yangu. Sura ya pili ina tanbihi 64 za OSCOLA. Ya tatu, niliyoipitia na Dkt. Moraa, iko katika APA. Ukizisoma zikifuatana utadhani zimeandikwa na watu wawili.

Ingekuwa ni vitabu na makala tu nisingekusumbua, kwani Zotero hubadilisha hivyo kwa dakika chache. Shida ya kwanza ni kesi. Hukumu ya Mahakama ya Juu kuhusu kufurushwa kwa wakazi wa kijiji cha Mitumba naitaja karibu kila ukurasa. Katika OSCOLA, tanbihi inabeba kila kitu:

Mitu-Bell Welfare Society v Kenya Airports Authority [2021] KESC 34 (KLR)

Katika APA, jina hilo refu pamoja na mwaka vinaingia katikati ya sentensi, na aya inayozungumzia kesi tatu inajaa mabano hadi hoja yenyewe inapotea.

Shida ya pili ni nzito zaidi. Niliwahoji wakazi 18 wa Mukuru kwa Njenga waliobomolewa nyumba mwaka 2021, nami niliwaahidi kwamba majina yao hayatatokea popote. APA haidai mahojiano ya washiriki wa utafiti yaingizwe kwenye orodha ya marejeleo, kwa hiyo huko wako salama. Mfano wa mahojiano katika OSCOLA, kwa upande mwingine, unataja jina la aliyehojiwa, cheo chake, mahali na tarehe. Mama mmoja alinisihi hata nisiandike anauza nini, maana pale mtaani ni yeye peke yake anayekiuza. Ahadi hiyo siwezi kuivunja kwa ajili ya tanbihi.

Pendekezo langu ni kutumia OSCOLA tasnifu nzima, kwa kuwa sheria ndiyo uti wa mgongo wa hoja yangu, ila wakazi niwataje kwa alama: "Mahojiano na mkazi M7 (Mukuru kwa Njenga)", bila tarehe kamili. Je, unaliafiki? Na je, tanbihi zinahesabiwa katika kikomo cha maneno 30,000? Zikihesabiwa, itanibidi nipunguze sura ya pili.

Nimemnakili Dkt. Moraa ili jibu litufikie sote. Ukiona ni heri tuonane, Jumatano kuanzia saa nane mchana sina darasa, naweza kuja ofisini.

Wako mwaminifu,
Mumbua Kioko
Mwanafunzi wa uzamili, mwaka wa pili