Zoezi la Jumamosi: Sentensi Kwanza, Jibu Baadaye

Darasa la Saba, Kigoma. Muda: dakika 40. Jibuni kwenye daftari.

Wanangu, niliposahihisha zoezi lililopita niliona kwamba maneno mnayajua, ila mnakimbilia jibu. Mkiona samaki kwenye swali, mnatafuta samaki kwenye majibu. Kwa hiyo leo kila swali lina alama mbili: moja ya sentensi inayotaja uhusiano wa jozi ya kwanza, nyingine ya jibu, yaani jozi yenye uhusiano uleule. Herufi iliyokaa peke yake bila sentensi haitapata alama yoyote.

Tufanye moja pamoja.

MALAGARASI : TANGANYIKA
A. Rufiji : Bahari ya Hindi
B. Lukuga : Tanganyika
C. Kagera : Viktoria
D. Ujiji : Tanganyika

Ukiandika "Malagarasi na Tanganyika ni maji", hujasema kitu. Ukiandika "Malagarasi ni mto ulioungana na Tanganyika", D inaanguka, kwa kuwa Ujiji ni mji, lakini A, B na C zote bado zimesimama. Sentensi ikiruhusu majibu mawili au matatu, ni pana mno. Ikaze. Jiulize: maji yanaelekea wapi? "Malagarasi ni mto unaomwaga maji yake katika Tanganyika." Hapo B imetoka, maana Lukuga hufanya kinyume: huyatoa maji ya ziwa letu na kuyapeleka upande wa Kongo. Zimebaki A na C. Kaza tena: "Malagarasi ni mto unaomwaga maji yake katika ziwa Tanganyika." Rufiji huishia baharini. Jibu ni C, kwa sababu Kagera ni mto unaomwaga maji yake katika ziwa Viktoria.

Angalieni pia kwamba nimetaja maneno kwa mpangilio wake, la kushoto kwanza. Ukiyageuza kwenye jozi ya kwanza, yageuze na kwenye ya pili.

Sasa ninyi.

1. MCHIKICHI : MAWESE
A. mwembe : embe
B. mnazi : nazi
C. mnazi : tui
D. ng'ombe : maziwa

2. KARABAI : DAGAA
A. wavu : samaki
B. chambo : samaki
C. mtumbwi : mvuvi
D. taa : mwanga

3. MVUVI : VUA
A. mchezo : cheza
B. mkulima : jembe
C. iba : mwizi
D. mlezi : lea

4. RASHARASHA : MVUA YA MAFURIKO
A. upepo mwanana : tufani
B. mawingu : mvua
C. jua kali : kivuli
D. tufani : upepo mwanana

5. LIEMBA : GRAF VON GÖTZEN
A. Tanzania : Tanganyika
B. Leopoldville : Kinshasa
C. Kalemie : Albertville
D. Gitega : Bujumbura

Majibu (msifunue kabla ya kumaliza)

1. C. "Mchikichi ni mti ambao tunda lake hukamuliwa kupata mawese." Najua wengi mtachagua B, kwa kuwa nazi hutoka kwa mnazi. Lakini nazi ndiyo tunda lenyewe, wakati mawese hupatikana baada ya kazi ya kukamua. Tui nalo ni hivyo.

2. B. "Karabai huwavuta dagaa wasogee ili wavuliwe." Karabai haikamati, wavu ndio unaokamata. Aliyeandika "karabai hutumika kuvulia dagaa" hakukosea kuhusu ziwa, ila sentensi yake inaipokea A vilevile.

3. D. "Mvuvi ni mtu anayefanya kazi ya kuvua." Mchezo umetokana na cheza, sawa, ila si mtu. C imegeuzwa.

4. A. "Rasharasha ni mvua hafifu, na mvua ya mafuriko ni ileile ikizidi sana."

5. C. Hili ndilo gumu, na nimeliweka kwa makusudi. Meli yetu ilishushwa majini hapahapa Kigoma mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen, Wajerumani wakaizamisha 1916, ikaopolewa 1924, na mwaka 1927 ikapewa jina la Liemba. Sentensi: "Liemba ni jina jipya la kitu kilekile kilichoitwa Graf von Götzen wakati wa ukoloni." Kalemie, ng'ambo ya ziwa, ni mji uleule ulioitwa Albertville. B ina uhusiano huohuo lakini jina la zamani limetangulia. Gitega na Bujumbura ni miji miwili tofauti. A itawapata wengi, nanyi mliochagua hiyo mjiulize: je, ni kitu kilekile? Mwaka 1964 Tanganyika iliungana na Zanzibar, kwa hiyo Tanzania ina sehemu ambayo Tanganyika haikuwa nayo. Neno "kilekile" ndilo linaloiondoa A. Kama halimo kwenye sentensi yako, rudi uandike upya kabla ya Jumatatu.