Marekebisho ya Jedwali namba 3: idadi ya mashimo na gramu za DAP kwa ekari moja ya mahindi

6 Januari 2025

Wakulima wenzangu, pamoja na mabwana shamba na mabibi shamba wote mnaotumia mwongozo wetu wa kupanda mahindi, lile toleo la Oktoba 2024, Jedwali namba 3 ukurasa wa 14 lina makosa. Nafasi tatu kati ya sita zimekosewa, nazo ni 80 kwa 40, 75 kwa 25 na 90 kwa 50. Ukifuata namba zilizochapwa unaweka DAP chini ya nusu ya inayotakiwa, kwahiyo kama bado hujapanda simama kwanza uchukue namba hizi hapa chini.

| Nafasi (sm) | Mashimo kwa ekari, ilivyochapwa | Mashimo kwa ekari, SAHIHI | Gramu za DAP kwa shimo, ilivyochapwa | Gramu za DAP kwa shimo, SAHIHI |
|---|---|---|---|---|
| 80 × 40 | 31,250 | 12,647 | 1.6 | 4.0 |
| 75 × 25 | 53,333 | 21,584 | 0.9 | 2.3 |
| 90 × 50 | 22,222 | 8,993 | 2.3 | 5.6 |

Hesabu ni ya mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari moja, kama ilivyoandikwa juu ya jedwali. Nafasi za 75 kwa 30, 75 kwa 60 na 90 kwa 30 ziko sawa, hizo msiziguse.

Kosa lilitokea hivi. Shiti yetu ya zamani ya eksel ilikuwa ya hekta, tukaibadilisha iwe ya ekari sababu huku kwetu nani anapima shamba kwa hekta, tukabadilisha zile nafasi tatu za mwanzo vizuri kabisa, halafu baadae tukaongeza nyingine tatu kwa kukopi kutoka kwenye faili la zamani na hapo fomula ikaja na hekta yake. Ilikuwa hivi:

```
=10000/(A5*B5)
```

ilitakiwa iwe hivi:

```
=4047/(A5*B5)
```

A ni umbali wa mstari kwa mstari na B ni shimo kwa shimo, zote kwa mita. Ekari ni mita za mraba 4,047, hekta ni 10,000, ndo maana ukichukua namba yoyote iliyokosewa ukaigawa kwa 2.47 unapata iliyo sahihi. Gramu nazo zikaharibika hapohapo kwa sababu zinatokana na kugawa gramu 50,000 kwa idadi ya mashimo, mashimo yakiwa mengi kwenye karatasi kila shimo linapata kidogo.

Kitu kinachoniuma ni kwamba jedwali lenyewe lilikuwa linajisema. 75 kwa 60 na 90 kwa 50 ni eneo lilelile, zote shimo moja linachukua mita za mraba 0.45, kwahiyo mashimo lazima yalingane, lakini sisi tumechapa 8,993 kwa moja na 22,222 kwa nyingine kwenye ukurasa mmoja na watu watatu tuliosoma kabla ya kuchapa hakuna aliyeona. Hata ukienda shambani, ekari ya mraba ina upande wa mita 63.6, ukipiga mistari ya sentimita 90 unapata mistari kama 70, kila mstari mashimo kama 127, hizo elfu 22 zitakaa wapi.

Aliyeona ni mama mmoja wa Mbozi. Alipiga simu Jumamosi, nikamwamkia, akaniambia amepanda ekari moja kwa 80 kwa 40, amefuata karatasi yetu bila kuruka kitu, alienda mpaka dukani kupima gramu kwenye mzani, na mfuko umebaki zaidi ya nusu. "Hii iliyobaki mwanangu nilitakiwa niiweke wapi?" Nikamwomba aipime, ikaja kilo 29 na kitu. Nikafungua shiti, 1.6 mara mashimo 12,647 ni kilo 20 na kidogo, ukitoa kwenye 50 zinabaki karibu 30. Yaani yeye alikuwa sahihi kabisa na sisi ndo tulikosea. Mama tumekuomba radhi kwenye simu na tunakuomba tena hapa, na wote mliopanda kwa zile nafasi tatu tunawaomba radhi, mmenunua mfuko mzima kwa hela yenu halafu mahindi yakala kilo 20 tu.

Maana yake kwa mmea: mfuko wa DAP (18:46) una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti. Aliyefuata namba mbovu kwenye 80 kwa 40 ameweka fosfeti kilo 9 na kidogo tu. Naitrojeni utaifidia kwenye kukuzia, lakini fosforasi haitembei kwenye udongo, inakaa pale ulipoiweka, ndo maana tunaiweka kwenye shimo siku ya kupanda ili mzizi mchanga uikute jirani. Ukiona mahindi madogo yana majani ya zambarau na yamedumaa inawezekana ni hiyo.

Kwa waliokwisha panda: kama mahindi bado ni madogo, wiki mbili hivi tangu yaote, chimba kishimo pembeni sentimita 5 kutoka kwenye shina, weka gramu zilizopungua, fukia. Kwa 80 kwa 40 ni gramu 2.4 kwa shimo, kwa 75 kwa 25 ni 1.4, kwa 90 kwa 50 ni 3.3. Haitafanya kazi kama ingewekwa siku ya kupanda, hilo nawaambia wazi, ila inasaidia. Kama yameshafika magotini achana nayo, funga mfuko vizuri, weka juu ya mbao pakavu utatumia msimu ujao, na ukuzie na urea au CAN kama kawaida, jedwali la kukuzia halina shida.

Kwa ambao hamjapanda, angalieni hili maana gramu sasa ni zaidi ya mara mbili: mbolea isigusane na mbegu. Mbolea chini, udongo kidogo, ndo mbegu. Kwenye 75 kwa 25 ambako mashimo yako karibu watu huwa wanaharakisha wanaruka huo udongo wa katikati na mbegu inaungua. Na mnaopima kwa kizibo cha soda, msikisie kizibo ni gramu ngapi, pima vizibo 10 vya DAP kwenye mzani wa duka ugawe kwa 10, vya kusawazisha na vya kurundika havilingani hata kidogo.

Pia kuna waliotumia safu ya mashimo kukadiria mbegu. Kwa 75 kwa 25 mbegu moja kwa shimo unahitaji mbegu 21,584 na za kurudishia kidogo, sio 53,333, kwahiyo kama umeshanunua na paketi hazijafunguliwa ongea na muuza pembejeo wako mapema.

Faili jipya lina maneno "toleo la 2" chini ya kila ukurasa. Karatasi za zamani zilizobandikwa kwenye maduka ya pembejeo na ofisi za kata tunazibadilisha wiki hii, tumeanzia Mbozi, na ukikuta bado ile ya Oktoba ipo ukutani kata kwa kalamu hizo nafasi tatu uandike namba mpya juu yake.