Andalio la Somo: Duara, Pembetatu na Mraba

Darasa la awali, watoto 32, miaka 5. Dakika 60, makundi 8 ya watoto 4.

Zana: kadi 96 za boksi la kahawia, 12 kwa kila kundi (4 za kila umbo, kubwa na ndogo). Zisipakwe rangi: zikiwa na rangi, watoto watapanga kwa rangi na kusahau umbo. Pembetatu ziwe nyembamba, pana na zilizolala upande, la sivyo mtoto ataamini pembetatu ni ile tu yenye ncha juu.

Kupanga (dakika 20): Mwaga kadi mkekani bila kutaja majina. Waache wapange wenyewe, kisha uliza, “Kwa nini hii umeiweka hapa?” Anayepanga kwa ukubwa hajakosea; mwombe apange tena kwa njia nyingine. Mraba ukigeuzwa wengi huuona umbo jipya. Uzungushe polepole mbele yao, wahesabu pembe.

Msako (dakika 15): Kila kundi libebe kadi moja, litafute umbo lake darasani na uani: mdomo wa ndoo, vigae, kenchi ya paa. Mpira utaletwa kama duara. Waonyeshe kuwa unabingirika kila upande, ilhali kadi ni bapa.

Kuchora (dakika 20): Kwanza kwa kidole mchangani, kisha karatasi na kalamu za nta. Pembe zikiviringika, weka kokoto 3 au 4, mtoto aziunganishe akisimamisha mkono kwenye kila kokoto.

Dakika 5: kila mtoto ataje umbo alilochora na idadi ya pembe zake. Wanaokwama waandike, uanze nao kesho.